Sina wa kumdekea: kumwandikia bibi kwamba umemkumbuka

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Tanga, nasoma Ankara, huu ni mwaka wa pili. Nimelelewa na bibi tangu nina miaka minne. Simu tunapigiana, lakini anasema simu inakatika moyo haujatua, anataka barua ya mkono. Macho yake hayaoni vizuri, atasomewa na binamu yangu wa darasa la saba. Nimeanza mara nne nikachana. 'Nimekumiss' siwezi kumwambia bibi. 'Nimekukosa' dada anasema ni kama naomba radhi. 'Nimekukumbuka' naliona jepesi, hata funguo mtu huzikumbuka. Rafiki yangu Mturuki kanieleza kwamba wao mtu wakimkumbuka sana husema anafuka moshi puani mwao. Sisi hatuna neno zito kama hilo? Na bado bibi ananiita mke mwenzangu, ingawa babu ametangulia mbele ya haki. Hilo naweza kulitia kwenye barua?"*

Marahaba, mwanangu. Lugha yako haijapungukiwa na kitu. Ila jambo hili Kiswahili hakikulitia lote ndani ya kitenzi kimoja. Kililigawa: kuna kumkumbuka mtu, kuna kuwa na hamu ya kumwona, kuna upweke wa kubaki bila yeye, na kuna hali ya mtoto aliyezoea kudeka ambaye sasa hana wa kumdekea. Ukitafuta neno moja la kubeba yote hayo utaichana na barua ya tano. Ukijua unataka kusema lipi kati ya hayo, maneno yapo, na mengine yapo kinywani mwako tayari.

Nianze na lile ulilolidharau. Msikilize mzee anapomlalamikia mtoto aliyekwenda mbali. Hasemi kwamba anaona upweke. Anasema, "Kanisahau." Uchungu ukizidi anasema, "Kanitupa." Huo ndio woga wake hasa, kwamba wewe huko umepata dunia nyingine na yeye umemweka nyuma ya mlango. Ukimwandikia "nimekukumbuka", unamjibu palepale panapomuuma. Funguo ulizozitaja hazikupata kulalamika kwamba zimesahauliwa, ndiyo maana kuzikumbuka hakuna uzito. Bibi akiambiwa amekumbukwa anaelewa kwamba hakutupwa. Nami ningekushauri useme na hilo la pili waziwazi: "Bibi, sijakutupa." Ni neno moja tu baada ya jina lake, lakini kwa bibi wa pwani lina uzito kuliko shauku na mahaba yote ya kwenye mashairi.

Halafu itazame hiyo "me" iliyo katikati ya neno. "Nimekukumbuka" imejengwa kama "nimechoka" au "nimekaa". Aliyesema nimechoka hasimulii jambo lililopita, anakueleza hali aliyomo mpaka sasa hivi. Kwa hiyo "nimekukumbuka" maana yake ukumbusho umenifika na haujaondoka. Ukiandika "nilikukumbuka", umeufunga, ulikuja ukaisha. Katika barua inayochukua siku nyingi njiani, tofauti hiyo inasikika.

Ila kuna mtego mmoja ambao nimeuona kwenye barua za wanafunzi wengi, na wewe unaandika barua ya kusomwa kwa sauti, kwa hiyo ushike. Ukitaka kusema kwamba jambo hili linakupata kila siku, mkono unaweza kuandika, "Kila jioni hukukumbuka." Wewe unakusudia "hu" ya mazoea. Bibi atakayesomewa anaweza kusikia "wewe hukukumbuka", yaani wewe bibi ulisahau. Herufi ni zilezile, na binamu wa darasa la saba hatajua aisome vipi. Andika "kila jioni huwa nakukumbuka", mambo yataisha.

Dada yako naye kasema kweli kuhusu "nimekukosa". Kukosa ni kutafuta usipate, na pia ni kufanya kosa. Mtu aliyefika nyumbani kwako asikukute anasema nimekukosa. Mtu aliyenuniwa bila kujua sababu anauliza, "Nimekukosa nini?" Bibi yako akisomewa "nimekukosa sana bibi" ataanza kuwaza ni kosa gani hilo mjukuu amelifanya huko ugenini hata aliungame kwa barua. Hilo liache. "Nimekumiss" huna haja ya kuambiwa. Waandikie wenzako, wao watakuelewa.

Sasa hamu. Neno hili ni zuri, lakini linategemea limesimama na nani. "Nina hamu ya kukuona" ni safi, unaweza kulisema mbele ya shehe. "Nina hamu na wewe" ni la watu wawili wazima na mlango umefungwa. Kutamani ni vivyo hivyo: "natamani nikuone", "natamani ningekuwa hapo jikoni" hayana neno, lakini "nakutamani" usithubutu kumwandikia bibi, na binamu yako atasita hapo aone haya. Kanuni ni nyepesi: hamu na tamani viende kwenye tendo, visiende kwenye mtu. Hamu ya kukuona. Hamu ya kusikia ukinikemea. Hamu ya kula ulichopika. Ukifanya hivyo unapata faida nyingine, kwamba unalazimika kutaja tendo lenyewe, na tendo ndilo linalomfanya bibi ajione mwenyewe ndani ya barua.

Kuna maneno mazito ambayo mtu akiwa na uchungu huyakimbilia: ukiwa, simanzi, majonzi, pengo. Mazito ni mazito kweli, lakini yamezoea kukaa msibani. "Umeniachia pengo lisilozibika" tunamwambia marehemu. Bibi aliye hai, ambaye ameshamzika mumewe, akisomewa kwamba ameacha pengo atahisi kama anasomewa khitma yake. Ukiwa ni neno la mtu aliyebaki peke yake, hana wa mbele wala wa nyuma. Ukimwambia umeingiwa na ukiwa hatalala, ataanza kumuuliza shangazi yako kama nauli ya kukurudisha inapatikana. Sisemi umfiche. Nasema neno lichaguliwe kwa ajili ya anayelisikia, si kwa ajili ya anayeliandika. "Upweke" unaweza kulitumia mara moja, ukilifunga kwenye saa maalumu: "jioni za Jumapili huwa naona upweke kidogo". Hapo anajua ni jioni za Jumapili tu, si maisha yako yote.

Na "unanijia"? Hili nalipenda, lakini lina adabu yake. Kiswahili kinaweza kumgeuza aliye mbali akawa ndiye anayetenda, wewe ukabaki unapokea: sauti yako inanijia, harufu ya udi wako inanijia. Ni upole mkubwa, kwa sababu humwambii unafanya bidii kumkumbuka, unamwambia yeye ndiye anayekuja bila kuitwa. Ila usiandike "bibi, unanijia usiku". Wanaowajia watu usiku ni waliokufa na mashetani, na yeye atalisikia hivyo. Kijacho kiwe sauti yake, harufu yake, neno lake. Vilevile ukimwandikia kwamba umemuota, mwambie hapohapo alikuwa anafanya nini na kwamba alikuwa na furaha. Ndoto ikiletwa nusu, wazee huimalizia wenyewe, na mara nyingi huimalizia kwa ubaya.

Moshi wa puani wa Waturuki usiuhamishe kama ulivyo. Kwa bibi aliyekaa miaka mbele ya jiko la mkaa, moshi puani ni adha ya kila siku, atakuuliza kama nyumba unayokaa ina madirisha. Lakini rafiki yako amekuonyesha njia nzuri, kwamba pua hukumbuka kabla ya akili. Jiulize bibi yako ananukia nini. Kikuba cha asumini alichotia kwenye nywele Alhamisi usiku? Khanga iliyokunjwa kabatini pamoja na udi? Tui linaloanza kuchemka? Moja lao likikujia huko Ankara, andika limekujia wapi na saa ngapi. Huo ndio moshi wako.

Nifike kwenye kile ninachokiona kuwa ndicho hasa cha barua yako. Tunayo namna ya kusema kukosa bila kulitaja neno kosa, nayo ni "sina wa". Sina wa kuniamsha. Sina wa kunisukia nywele. Sina wa kuniambia kula mwanangu, mbona umekonda. Lipo tendo, aliyekuwa akilitenda hayupo, na nafasi yake iko wazi kabisa, huna haja ya kuiita pengo. Kati ya hizo zote, iliyo ya bibi na mjukuu ni hii: *sina wa kumdekea*. Kudeka ni kujilegeza kwa mtu unayejua hatakuchoka. Mtoto hadeki kwa kila mtu. Hadeki kwa mwalimu, na kwa baba anadeka kwa kupima. Kwa bibi anadeka mpaka anapitiliza, mama anasema, "Huyu unamharibu," bibi anajibu, "Niachie mwenyewe." Ukimwandikia "bibi, huku sina wa kumdekea", umemtaja yeye na ulezi wake wote wa tangu una miaka minne, na umemwambia hakuna mwingine aliyekaa mahali pake. Halizi, maana ndani yake mna kicheko kidogo. Na ni fupi kama jina la khanga, kwa hiyo ataweza kulishika na kumrudia jirani barazani: "Mjukuu wangu kaniandikia hana wa kumdekea." Usilione dogo hilo. Barua ya bibi haiishi ikisomwa, inaanza kutembea mtaani, na kinachotembea ni sentensi fupi.

Ya pili ya namna hiyo ni "sina wa kumwamkia". Wewe umeamka kila asubuhi ya utoto wako ukasema shikamoo kabla ya kunawa uso, na sasa unaishi katika mji ambao hakuna mtu wa kuipokea kwa marahaba. Huko Uturuki umeona vijana wakiubusu mkono wa mzee kisha wakauweka kwenye paji la uso, hasa siku za Idi. Mwandikie hilo. Bibi atafurahi kujua kwamba uko kwa watu wenye adabu, na hapohapo ataelewa kwa nini jambo hilo limekuchoma.

Nikueleze nilivyojifunza haya, maana sikuyapata chuoni. Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa msomaji wa barua wa mtaa wetu. Kulikuwa na mama mtu mzima, mwanawe alikuwa Maskati, na barua zake zilikuwa za karatasi nyembamba za samawati za ndege. Mwana alikuwa anaandika "nakukumbuka sana sana mama yangu mpenzi", nami nasoma kwa madoido, na mama anatikisa kichwa tu huku anaendelea kuchambua mchele. Siku moja katikati ya barua nikakuta, "Mama, ule mlango wa uani bado unalia ukiufungua alfajiri?" Mama akauweka ungo chini. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Kisha akainuka, akashika ukuta taratibu mpaka uani, akaufungua mlango, ukalia, akaufunga, akarudi kukaa. Hakusema neno. Zile "sana sana" zote sikumbuki kama aliwahi kuniambia nizirudie.

Tangu siku ile nimeamini kwamba uzito wa kumbukumbu haupimwi kwa "sana". Kiswahili kina kipimo chake, nacho ni "hadi": nimekukumbuka hadi nikafanya nini. Mapenzi yanapimwa kwa kile yalichokufanyisha. Chukua mfano ambao huenda wewe mwenyewe umeupitia. Unanunua mchele wa pakiti dukani, mweupe, msafi, hauna hata punje ya changarawe. Unaumimina kwenye sinia, na vidole vyenyewe vinaanza kuuchambua. Unausogeza kwa kidole cha shahada, fungu kwa fungu, kama ulivyokuwa ukifanya umekaa naye kwenye mkeka, wakati hakuna cha kutoa. Kama limekupata, liandike hivyo hivyo. Kama halikukupata, usilichukue kwangu. Bibi anajua vidole vyako kuliko mimi. Tafuta lako.

Nakupa na jambo jingine la huko uliko ambalo mtu wa Ulaya Magharibi au wa Uchina hana. Saa yako na ya bibi ni moja. Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka 2016 ikabaki kwenye saa hii yetu mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili ya Ankara ni saa mbili ya Tanga. Lakini jua halifuati saa. Desemba jua la Ankara linatua kama saa kumi na moja na dakika ishirini, la Tanga linangoja mpaka kama saa kumi na mbili na nusu. Magharibi inakufikia wewe kwanza, na kwa zaidi ya saa nzima uko gizani wakati bibi bado ana mwanga wa kuokota nguo kambani. Juni inageuka: bibi ameshaswali magharibi, na isha pia, wewe jua bado unaliona mpaka saa mbili na dakika ishirini usiku. Kwa mtu ambaye siku yake imepangwa kwa adhana, hili ataliona kwa macho. Halihitaji ramani wala maelezo marefu.

Kuhusu umbo la barua, usiogope yale maneno ya zamani. "Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Vijana mnayaona yamechakaa. Bibi anayangoja. Barua isiyoanza hivyo inamtia wasiwasi kwamba kuna habari mbaya inamkimbilia. Yaandike mara moja, kwa heshima, kisha ingia kwenye yako. Mwisho weka salamu za wanaokuulizia, kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu watakuwa wamekaa hapo wanasikiliza.

Na "mke mwenzangu"? Tia. Utani wa bibi na mjukuu umewekwa ili mambo mazito yapite bila kuvunja mtu. Kama angekuwa ameacha kukuita hivyo tangu babu afariki, ningekwambia usiguse. Lakini yeye mwenyewe ameendelea, maana yake ni njia yake ya kumtaja babu bila kulia. Liweke mwishoni, baada ya yote, barua isimwache ameinamisha kichwa.

Nikiweka pamoja tuliyoyasema, kipande cha katikati kingeweza kuwa hivi. Mambo ya ndani ni ya kukisia, wewe utaweka yako:

*"Bibi, SHIKAMOO. Naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu tangu nifike huku sina wa kumwamkia. Vijana wa huku wanambusu mzee mkono kisha wanauweka kwenye paji la uso. Siku ya Idi nilisimama pembeni nikawatazama, mkono wako ukanijia, wenye kovu la ile mbuzi ya kukunia nazi.*

*Sijakutupa, bibi. Nimekukumbuka hadi juzi nilinunua mchele nikakaa kuuchambua, na mchele wa huku hauna hata jiwe. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza natafuta nini. Sikujua nimjibu nini.*

*Saa yetu ni moja, lakini mwezi huu magharibi inanifikia mimi kwanza. Nikimaliza kuswali naangalia saa, nasema bibi sasa anaanika macho barabarani anamngoja muuza samaki. Nina hamu ya kusikia ukigombana naye bei.*

*Kusoma nasoma, kula nakula, baridi nimeshaizoea. Ila huku sina wa kumdekea. Ule mkeka wangu uko wapi, bado umeuweka nyuma ya mlango? Usimpe mtu.*

*Mimi mjukuu wako, na mke mwenzako."*

Angalia ni mara ngapi neno "kukumbuka" limetokea. Mara moja, na limebebwa na mchele. Hakuna "sana". Angalia pia kwamba kila fungu ni fupi. Hilo ni kwa ajili ya binamu. Mtoto wa darasa la saba akikutana na sentensi ya mistari minne hupoteza pumzi katikati, naye akikatisha mahali pasipo penyewe maana inaharibika. Andika herufi za kusimama, acha nafasi kati ya fungu na fungu, usikate neno mwisho wa mstari. Ukimaliza, jisomee mwenyewe kwa sauti chumbani. Pale ulimi unapokwama, na wa binamu utakwama. Pale wewe koo linapokukaba kidogo ni pazuri, paache. Pale unapolia usiweze kuendelea, pafupishe, maana mtoto hawezi kukubebea hilo mbele ya bibi.

Kama barua ya posta itachelewa, na huchelewa, iandike kwa mkono vilevile, uipige picha umtumie binamu aisome kwenye simu, na karatasi yenyewe umpe Mtanzania anayerudi likizo. Bibi atataka kuishika. Hata asiyeona maandishi anajua kwamba wewe umeishika kabla yake. Na kama bibi ana presha, mwombe shangazi au mama awe amekaa naye siku inaposomwa. Hii si barua ya kumsomea mtu mzima akiwa peke yake na mtoto.

Jambo moja ni la kwako, si la barua. Umesema umeichana mara nne. Ikiwa ni kwa sababu ya maneno, tumeshayazungumza. Lakini kama zimepita wiki mbili na zaidi hulali vizuri, chakula hakipiti, darasani huendi, au unalia bila kujua kilichokuliza, hapo si suala la msamiati tena, na usimwandikie bibi kwanza. Nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo chako ukaonane na mtu uso kwa uso. Watafute Watanzania wenzako mlioko mjini hapo. Ubalozi wetu pia uko Ankara hapohapo, na kijana aliye mbali na kwao si wa kwanza kuugonga mlango wake. Bibi utamwandikia baadaye, ukiwa na nguvu ya kumwambia ulipita wapi.

Mwisho, lile swali la mkeka nimeliweka makusudi. Barua yako iwe na swali moja ambalo hakuna awezaye kulijibu isipokuwa yeye. Usiulize habari za afya, hizo wote huuliza. Uliza kitu kilicho ndani ya nyumba ile. Kisha mwandikie binamu karatasi yake ndogo, tofauti, umwombe aandike jibu la bibi neno kwa neno kama litakavyotoka, pamoja na kikohozi na "ngoja kwanza" zake, asimsanifishie Kiswahili.